Vitufe vya Kuchungulia, Picha Yenye Ukungu

Wapiga picha na wachoraji wa ramani za nyumba huwapelekea mafundi wa kompyuta malalamiko mawili ambayo ukiyasikia unaweza kudhani yanapingana. Wa kwanza anasema amenunua laptopu yenye kioo kizuri ajabu, lakini akifungua programu yake ya picha vitufe ni vidogo kiasi kwamba lazima ainame ili kutofautisha brashi na kifutio. Wa pili ana laptopu ileile, na vitufe vyake ni vikubwa vya kutosha, ila kila kitu kwenye programu kina ukungu, kana kwamba mtu amepumulia kioo. Wote wawili huuliza swali moja: “Fundi, hiki kioo ni kibovu?”

Kioo si kibovu, wala kadi ya michoro haijafa. Malalamiko yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni swali la nani anayekuza maandishi na vitufe: ni programu yenyewe, au ni Windows kwa niaba yake? Ukishajua jibu, tiba inafuata. Lakini kuna jambo ambalo mafunzo mengi ya haraka hayalitaji, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katika programu za picha, dawa inayokuza vitufe inaweza kugusa na picha unayoifanyia kazi. Ukiitumia bila kujua hilo, utapeleka mteja wako picha iliyonolewa kupita kiasi, huku machoni pako ikionekana sawa kabisa.

Tuchukue laptopu moja ya kawaida katika kundi hili: kioo cha inchi 15.6 chenye pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, kile ambacho wauzaji hukiita “4K”. Laptopu za namna hii zilizokwisha kutumika maofisini huko nje sasa zinapatikana katika maduka ya Kariakoo na ya katikati ya Nairobi, na wapiga picha wanazipenda kwa sababu ya kioo hicho. Ukipiga hesabu, kila inchi ya kioo hiki ina pikseli 282 hivi. Laptopu ya ukubwa uleule yenye kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 ina pikseli 141 kwa inchi. Na kioo cha mezani cha inchi 24 chenye pikseli hizohizo 1920 kwa 1080, kile kilichojaa maofisini na kwenye studio, kina pikseli 92 tu kwa inchi.

Kwa miaka mingi Windows imechukulia kwamba kioo cha kawaida kina pikseli 96 kwa inchi. Huo ndio ukuzaji wa asilimia 100. Waandishi wa programu za zamani walichora vitufe vyao kwa kipimo hicho bila kufikiria zaidi: ikoni ya pikseli 16 kwa 16, basi. Kwenye kioo cha mezani ikoni hiyo ina milimita nne na kitu kila upande. Kwenye laptopu yetu ya pikseli 282 ikoni ileile inabaki na milimita moja na nusu, kasoro kidogo. Chukua rula yenye milimita uitazame. Halafu fikiria unafanya kazi ya saa nane kwa siku ukilenga shabaha ya ukubwa huo kwa kishale cha padi ya kugusa.

Ndiyo maana Windows ina mpangilio wa ukuzaji. Ukifungua Settings, kisha System, kisha Display, utaona mstari wa “Scale”. Kwa kioo kama hiki Windows hupendekeza 200 au 250. Mimi hupenda 200, na sababu nitaieleza baadaye kidogo. Ukichagua 200, Windows inaziambia programu zote kwamba kila kitu kichorwe mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo. Programu zinazoelewa agizo hilo huchora upya herufi na ikoni zao kwa pikseli nyingi zaidi, na matokeo yake ni mazuri: ukubwa ni uleule uliouzoea, lakini kingo za herufi ni kali kama za kitabu kilichochapwa vizuri.

Kasheshe ni kwa programu zisizoelewa. Tangu Windows Vista, kila programu inapofunguka hutoa tamko fupi kwa mfumo kuhusu ufahamu wake wa msongamano wa pikseli. Programu isiyotamka lolote huhesabiwa kuwa haijui. Windows huiambia kwamba kioo kina pikseli 1920 kwa 1080, inaiacha ichore humo, kisha inachukua dirisha zima lililokwisha kuchorwa na kulivuta hadi lifikie ukubwa unaotakiwa. Ni kama maandishi uliyoandika kwenye puto kabla ya kulipuliza: yanakua, lakini wino hauongezeki. Huo ndio ukungu wa mteja wa pili.

Kuna kundi jingine: programu iliyotamka kwamba inajua, na haijui. Windows inaiamini na kuiacha peke yake. Programu inaona pikseli zote 3840, inachora ikoni zake za pikseli 16 kama ilivyozoea, na mteja wa kwanza anaanza kuinama. Photoshop CS6 ya mwaka 2012 kwa upande wa Windows iko katika kundi hili, na ndiyo inayoleta kilio kikubwa kuliko zote, kwa sababu ilikuwa toleo la mwisho la Photoshop kuuzwa kwa malipo ya mara moja kabla ya utaratibu wa kulipia kila mwezi. Waliokuwa na leseni yake hawakuona sababu ya kuiacha, na kwa kazi za studio nyingi bado inatosha kabisa.

Usikisie programu yako iko kundi gani. Muulize Windows mwenyewe. Kuanzia matoleo ya Windows 10 ya mwaka 2019, na katika Windows 11, jibu lipo ndani ya Task Manager. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye “Details”, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa cha safu yoyote, chagua “Select columns”, kisha weka alama kwenye “DPI Awareness”. Itatokea safu mpya. Programu iliyoandikwa “Unaware” ni ile isiyojua, na Windows ndiyo inayoivuta. Iliyoandikwa “Per-Monitor” inajirekebisha yenyewe kwa kila kioo. Iliyoandikwa “System” husoma kipimo cha kioo kikuu wakati unapoingia kwenye akaunti yako, na baada ya hapo haisomi tena. Hiyo tutarudi kuikuta kwenye studio zenye vioo viwili. Ukiona programu haikuandikwa “Unaware” na bado vitufe vyake ni vidogo, umeshampata mwenye tamko la uongo.

Sasa tumtibu huyo, kwa mfano wa CS6. Kabla ya mwaka 2017 dawa iliyosambaa ilikuwa kuhariri sajili ya Windows na kuweka faili la pembeni karibu na programu ili kulibatilisha lile tamko. Maelekezo hayo bado yanazunguka, na watu bado wanayafuata. Kama Windows yako ni 10 ya kuanzia mwaka huo au 11, huna haja nayo. Funga Photoshop. Nenda kwenye folda ilimowekwa, ambayo kwa kawaida ni hii:

```
C:\Program Files\Adobe\Adobe Photoshop CS6 (64 Bit)
```

Bonyeza kitufe cha kulia juu ya `Photoshop.exe`, chagua “Properties”, nenda “Compatibility”, kisha “Change high DPI settings”. Sehemu ya chini ya kidirisha kinachofunguka kuna kisanduku cha “Override high DPI scaling behavior”. Weka alama, na kwenye orodha iliyo chini yake chagua “System”. Kubali, fungua Photoshop, na vitufe vitakuwa vimerudi kwenye ukubwa wa kibinadamu. Angalia kitu kimoja ambacho wengi hukikosea: CS6 ya biti 64 mara nyingi huwekwa pamoja na ndugu yake ya biti 32 katika folda nyingine. Ukibadilisha moja na kufungua nyingine, utasema dawa haifanyi kazi.

Orodha hiyo ina machaguo matatu. “Application” maana yake Windows ijitoe na kuiachia programu. “System” ni kuvuta dirisha zima kama nilivyoeleza. La tatu, “System (Enhanced)”, lilikuja mwaka 2017 na linajaribu jambo la werevu zaidi: badala ya kuvuta picha ya dirisha, Windows inadaka amri za kuchora herufi na mistari na kuzitekeleza upya kwa ukubwa mpya, hivyo maandishi yanatoka makali. Kwa programu za uhasibu za zamani ni zuri sana. Ila linafika kwenye vitu vilivyochorwa kwa njia ya asili ya Windows pekee. Chochote kinachochorwa kupitia kadi ya michoro, ikiwa ni pamoja na eneo la picha la Photoshop na karibu kila kitu katika programu za pande tatu, halikigusi. Lijaribu, halina madhara. Ukiona maandishi yanapishana au vitufe vimekatika nusu, rudi kwenye “System”.

Hapa ndipo watu wengi hufunga mjadala na kuanza kazi, na hapa ndipo ningependa tukae.

Ulipochagua “System”, hukukuza vitufe peke yake. Dirisha lote limevutwa, na picha ya bibi harusi iko ndani ya dirisha hilo. Photoshop sasa inaamini kioo kina pikseli 1920 kwa 1080. Ukitazama picha kwa asilimia 100, Photoshop inatoa pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo inachokidhania, halafu Windows inaitandaza pikseli hiyo juu ya pikseli nne za kioo halisi, ikilainisha kingo kati ya moja na nyingine. Nyusi zilizonaswa kwa ukali na kamera zinaonekana laini. Mpiga picha anaona ulaini huo, anafungua “Unsharp Mask” au “Smart Sharpen”, anasogeza kipimo hadi nyusi zinamridhisha, anahifadhi. Picha ikitoka kwa mchapaji ina ute mweupe kando ya kila unywele na ngozi yenye chembechembe. Faili lilikuwa kali tangu mwanzo. Alikuwa anatibu ukungu wa dirisha.

Ukitaka kujua kama dirisha lako linavutwa, fungua Notepad, liweke kando ya Photoshop, na ulinganishe herufi za menyu ya Notepad na zile za menyu ya Photoshop. Kama za Photoshop zina kivuli cha kijivu pembeni na za Notepad hazina, dirisha limevutwa, na picha iliyomo imevutwa nalo. Ukipenda uhakika zaidi, tengeneza karatasi nyeupe mpya, chora mstari mmoja mweusi wa pikseli moja kwa zana ya “Pencil”, tazama kwa asilimia 100, kisha ipige picha sehemu hiyo ya kioo kwa simu ukiwa karibu sana. Kwenye dirisha lisilovutwa mstari ni mweusi na unakata ghafla. Kwenye lililovutwa utaona weusi unafifia kuelekea pande zote mbili.

Hii pia ndiyo sababu ya kupenda 200 badala ya 250 au 150. Kwa 200 pikseli moja inakaa sawasawa juu ya pikseli nne, mbili kwa mbili, hivyo kulainisha kunakuwa kwa kiasi. Kwa 150 pikseli moja inatakiwa ichukue moja na nusu, na hakuna nusu pikseli kwenye kioo. Lazima mahali fulani igawane rangi na jirani yake. Kama lazima uishi na dirisha lililovutwa, basi angalau livutwe kwa namba kamili.

Je, upande wa pili, bila kuvuta, mambo ni shwari? Kwa picha yenyewe, ndiyo, lakini nako kuna mtego. Programu inayojua kazi yake ikikuonyesha picha kwa asilimia 100 kwenye kioo chetu, pikseli moja ya picha inachukua pikseli moja ya kioo, yenye upana usiofika sehemu ya kumi ya milimita. Kwa umbali wa nusu mita jicho la mwanadamu haliwezi kutenganisha vitu vidogo hivyo. Kila picha itaonekana kali. Chembechembe za ISO kubwa zitajificha, na umakinifu uliokosa jicho ukaangukia sikio hutauona. Aliyezoea kuhukumu ukali kwa asilimia 100 kwenye laptopu ya zamani ya ukubwa huohuo, kwenye hii aangalie kwa asilimia 200 ili aone kitu kilekile. Aliyetoka kwenye kioo cha mezani cha inchi 24 aangalie kwa 300.

Kwa upande mwingine, asilimia 100 kwenye kioo hiki ina faida ambayo vioo vya zamani havikuwa nayo. Maabara za kuchapa picha kwa kawaida huomba pikseli 300 kwa inchi. Kioo chetu kina 282. Kwa hiyo picha ukiitazama kwa asilimia 100 inakuwa karibu na ukubwa ambao itatoka kwenye karatasi, na ukali unaouona ni karibu na ule atakaouona mteja akishika albamu mkononi. Ninashauri utumie zote mbili: 200 kwa kutafuta kasoro, 100 kwa kuamua kama kasoro hiyo itaonekana.

Kwa hiyo kwa mtu wa CS6 mpango wangu ni huu. Kazi ya kupanga, kukata, kuondoa madoa na kuandika majina kwenye kadi za mwaliko ifanyike na “System” ikiwa imewashwa, macho yapumzike. Kunoa na kupunguza chembechembe kufanyike mwishoni, “Override” ikiwa imezimwa, vitufe vidogo vikivumiliwa kwa muda huo mfupi. Kuzima na kuwasha kunahitaji kufunga programu na kuifungua tena, basi. Na kama unatumia kalamu na kibao cha kuchorea, jaribu mstari mmoja kabla ya kazi yoyote: dirisha lililovutwa linaweza kufanya wino utokee mbali na ncha ya kalamu, kwa sababu kibao na programu zinahesabu pikseli kwa vipimo tofauti. Hali hiyo ikitokea, “System” haikufai kwa kazi ya kalamu.

Kwa wenye Photoshop mpya zaidi hadithi ni fupi. Kuanzia toleo la Januari 2018 inafuata ukuzaji wa Windows yenyewe, kutoka 100 hadi 400, na inabadilika kwa kila kioo. Picha haivutwi. Kinachobaki kinarekebishwa ndani ya Preferences, kwenye “Interface”, penye “UI Scaling” na “UI Font Size”, kisha unafunga na kufungua tena. Kama mtu aliwahi kuiwekea “Override” kwa mazoea ya CS6, iondoe. Unaiharibia kazi programu inayojua.

GIMP 2.10 nayo ina tabia yake: ikoni zinakua lakini hazikui pamoja na vitu vingine vyote. Nenda Edit, Preferences, Interface, “Icon Theme”. Badala ya kuiacha ikisie ukubwa kutokana na kioo, chagua “Custom icon size” na usogeze hadi “Large” au “Huge”. Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limejengwa juu ya msingi mpya na linafuata ukuzaji vizuri zaidi, hivyo kwa GIMP, ambayo ni ya bure, kupandisha toleo ndiyo dawa ya kweli.

Tuingie kwenye pande tatu. Blender ni mfano mzuri kwa sababu huchora kila kitu, hadi kitufe cha mwisho, kupitia kadi ya michoro. Haitegemei Windows kuchora herufi hata moja. Husoma ukuzaji wa Windows na kujikuza, na ukitaka zaidi unakwenda Edit, Preferences, “Interface”, na kuongeza “Resolution Scale” kutoka 1.00 hadi, tuseme, 1.20. Mabadiliko yanaonekana palepale, bila kufunga kitu. Chini yake kuna “Line Width” ya kunenepesha mistari. Vipeo vya umbo vikiwa vidogo vya kubahatisha, ukubwa wake uko kwenye “Themes”, “3D Viewport”, “Vertex Size”. Ukikuta Blender yenye ukungu kila mahali, jambo la kwanza la kutazama ni kama kuna mtu aliyeiwekea “Override” ya “System”. Ondoa.

Lakini Blender ina ukungu mmoja ambao si wa Windows, na unawahangaisha watu wengi. Mtu yuko kwenye Cycles, anawasha mwonekano wa “Rendered” ndani ya dirisha la kazi, na umbo lake linatokea kwa vigae vigae wakati vitufe vilivyo pembeni ni vikali. Kioo chetu kina pikseli zaidi ya milioni nane, mara nne ya kile cha kawaida, na Cycles ingelazimika kukokotoa mwanga kwa kila moja. Ili kuokoa muda, Blender ina mpangilio uitwao “Pixel Size” katika Render Properties, chini ya “Performance”, sehemu ya “Viewport”. Ukiachwa kwenye “Automatic”, unafuata ukubwa wa kiolesura: vitufe vikikuzwa mara mbili, nao unakokotoa pikseli moja kwa kila nne za kioo. Weka “1x” na ukali utarudi, pamoja na subira ndefu zaidi na feni ya laptopu kupiga kelele. Kwa kupanga taa mimi ningeacha “Automatic” au hata “4x”. Picha ya mwisho unayoitoa kwa F12 haiguswi na mpangilio huu hata kidogo, kwa hiyo usiongeze sampuli eti kwa sababu dirisha la kazi lina vigae.

Programu za pande tatu za zamani zina ugonjwa mbaya zaidi, na wachoraji wa ramani wanaoshikilia matoleo ya SketchUp kabla ya 2017 au 3ds Max kabla ya 2017 watautambua. Sehemu moja ya programu inahesabu pikseli kwa kipimo kimoja, sehemu nyingine kwa kingine. Unabonyeza kona ya ukuta, inachaguliwa kona ya dirisha lililo kando yake. Au nyumba nzima inachorwa kwenye robo ya chini kushoto ya eneo la kazi na sehemu iliyobaki ni tupu, kwa kuwa OpenGL huanza kuhesabu kutoka pembe hiyo. Ukungu unaweza kuuvumilia. Kubonyeza kusikolenga huwezi, maana vipimo vya ramani vinaharibika bila wewe kujua. Jaribu “System” katika “Override”, kwa sababu ikivutwa dirisha zima mara nyingi hesabu zote hurudi kwenye kipimo kimoja. Isipokubali, shusha kioo chenyewe hadi 1920 kwa 1080 na ukuzaji hadi 100 kwa muda wa kazi hiyo. Namba hizo ni nusu kamili ya pikseli halisi, kwa hiyo hazichezi kama 2560 kwa 1440 zingecheza. Utapoteza ukali wa kioo ulicholipia, ila kishale kitabonyeza unachokionyesha, na kadi ya michoro itachora robo ya pikseli.

Imebaki studio yenye vioo viwili, laptopu kwa 200 na kioo cha mezani cha inchi 24 kwa 100. Hapa programu zenye alama ya “System” kwenye Task Manager ndizo zinazosumbua. Zilisoma kipimo cha kioo kikuu ulipoingia kwenye akaunti. Ukiziburuta kwenda kioo cha pili, Windows inazipunguza au kuzivuta, na ukungu unaingia. Watu hubadilisha ukuzaji mara kumi na hawaoni tofauti, kwa sababu hawajatoka kwenye akaunti na kuingia upya.

Mpangilio huo unaweza kuugeuza uwe msaada. Kwa mwenye CS6 au programu ya zamani ya ramani, kioo kile cha mezani ndicho dawa bora kuliko zote nilizozitaja, na cha mtumba hakigharimu sana. Pikseli zake 92 kwa inchi ni karibu kabisa na zile 96 ambazo programu hizo zilichorewa. Kiunganishe, fungua Display, kichague, weka alama kwenye “Make this my main display”, ukuzaji wake uache 100. Ondoa “Override” yoyote uliyoiweka kwenye programu hizo. Toka kwenye akaunti, ingia tena, kisha fungua Photoshop ukiwa kwenye kioo hicho. Vitufe vitakuwa na ukubwa wake wa asili, picha haitavutwa, na kipanya kitabonyeza panapoonekana. Laptopu yenye pikseli 282 ibaki kando, ikiwa na programu mpya inayojua kazi yake, kwa ajili ya kutazama kila picha kwa asilimia 100 katika ukubwa unaokaribia ule wa albamu kabla ya kuituma kuchapwa.